Gezellig na hygge: utumie lipi, wapi, na kwa nini "starehe" haitoshi

Kamusi nyingi za Kiingereza huyapa maneno haya mawili, gezellig la Kiholanzi na hygge la Kidenmaki, tafsiri moja, cozy. Mfasiri wa Kiswahili anayepitia mlango huo huishia kuandika "starehe" kila mahali, na hapo ndipo mambo huharibika. Soko la Amsterdam lililojaa kelele na harufu ya samaki linageuka "soko la starehe". Bibi mcheshi wa mtaani ambaye Waholanzi wanamwita gezellig anageuka "mwanamke wa starehe", jambo ambalo kwa Kiswahili ni tusi. Na familia ya Kidenmaki iliyojifunika blanketi ikila peremende Ijumaa usiku inaonekana kama imelipia hoteli.

Njia ya haraka ya kuyatenganisha ni kuyageuza upande wa pili. Kinyume cha gezellig ni ongezellig. Mholanzi anaitumia kwa chumba chenye taa nyeupe kali na kuta tupu, kwa sherehe iliyodorora, au kwa mgeni anayeaga mapema wakati wenzake ndio kwanza wanachangamka. Ni lawama nyepesi: pamepooza, mtu mkavu. Kinyume cha hygge ni uhygge, na kivumishi chake, uhyggelig, hakina wepesi wowote. Ni neno la sinema za kutisha, la nyumba iliyotelekezwa, la nyayo unazozisikia nyuma yako gizani, na hata magazeti hulitumia kwa habari za mauaji. Kwa hiyo Mholanzi akikosa gezelligheid amekosa uchangamfu, na Mdenmaki akikosa hygge kabisa amekosa usalama. Maneno mawili yenye vinyume vilivyo mbali hivyo hayawezi kuwa na maana moja.

Tena kila lugha ina neno lake la kile ambacho Waingereza hukiita cozy. Kiholanzi kina knus, la mahali padogo penye joto, kama dari ya chini, kochi na mvua nje. Kidenmaki kina lun, la mahali palipokingwa upepo na baridi. Chumba kinaweza kuwa knus na bado kisiwe gezellig, kwa mfano pale wawili waliokaa ndani wamenuniana.

Asili ya maneno inasaidia pia. Gezellig limetoka kwa gezel, yaani mwenzi. Zamani katika vyama vya mafundi, gezel alikuwa fundi aliyemaliza uanagenzi lakini bado hajawa fundi mkuu, na mzizi wake wa kale unamtaja mtu mnayekaa naye katika ukumbi mmoja. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu "mwandani" limejengwa kwa fikra ileile: rafiki wa ndani. Hygge halina mwenzi ndani yake. Wadenmaki walilipata kutoka Norwei, likaanza kuonekana katika maandishi yao mwanzoni mwa karne ya 19, na mizizi yake ya Kinorsi cha kale inahusu kuwaza na kuliwaza. Moja limeanzia kwenye watu, jingine limeanzia moyoni mwa mtu, na tofauti hiyo bado inaonekana katika matumizi ya leo.

Inaonekana kwanza katika sarufi. Kidenmaki kina kitenzi: at hygge sig, kitenzi cha kujirudia kama kujituliza au kujiburudisha. Watu huhygge kama wanavyopika au kulala. Ni kazi, ingawa ni ya kutofanya kazi. Ukimpigia simu rafiki wa Aarhus, Denmaki, ukamuuliza wanafanya nini, akajibu "vi hygger os bare", jibu hilo lina mwenzake kamili katika Kiswahili cha kila siku: "tumetulia tu." Hata mtu aliye peke yake na kitabu anaweza kusema jeg hygger mig, wala hakuna atakayemshangaa.

Kiholanzi hakina kitenzi cha namna hiyo. Gezellig ni hukumu: mtu anaangalia hali iliyopo kisha anatamka. "Gezellig!" Hutamkwa mgeni anapoingia, chupa inapofunguliwa, mtu anapovuta kiti. Chumba kitupu kinaweza kuitwa gezellig kwa jinsi kilivyopambwa, na wapo wanaolitumia wakiwa peke yao kwenye kochi, lakini hata hapo kuna harufu ya watu: ni chumba ambacho mtu angependa kukaa. Kiswahili cha mtaani kinalo neno linalofanya kazi hiyohiyo ya kuhukumu, nalo ni kunoga. Baraza limenoga, stori zimenoga, leo pamenoga. Mfasiri anayelikwepa kwa kuona ni la vijana anajinyima tafsiri bora kuliko zote.

Kelele ni kipimo kingine kizuri. Waholanzi wana usemi gezellig druk: pamejaa, pana pilikapilika, na ndiyo sababu panapendeza. Tarehe 27 Aprili, Siku ya Mfalme, mitaa na mifereji hujaa watu waliovaa rangi ya chungwa, muziki unatoka kila upande, huwezi kupita bila kusukumana, na watu wanasema ni gezellig. Hygge haivumilii umati kwa kiasi hicho. Kweli, Mdenmaki atauita mji mdogo au soko la Krismasi hyggelig, hata mtu mpole atamwita hivyo, lakini kitenzi chenyewe, ule utulivu wa pamoja, kinataka watu wanaotosha kusikilizana katika mazungumzo mamoja. Wanne hadi sita mezani ni sawa. Wakizidi wanane mazungumzo yanapasuka makundi mawili, na mwenyeji anaanza kutazama huku na huku.

Jambo la kushangaza ni kwamba Waholanzi wenyewe wana desturi moja inayoua gezelligheid karibu kila mara, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu inaonyesha neno linategemea nini. Ni siku ya kuzaliwa ya viti vya mduara. Viti kumi na tano vimepangwa kuzunguka ukuta wa sebule. Ukiingia unazunguka ukimpa mkono kila mtu na kumpongeza: humpongezi mwenye siku peke yake, unampongeza mama yake kwa ajili ya mwanawe, mke kwa ajili ya mumewe, na jirani pia. Kisha unakaa. Unapewa kahawa na kipande kimoja cha keki, na baadaye kidogo vinakuja vinywaji, jibini na soseji. Watu wapo, chakula kipo, nia ipo, na bado Waholanzi wengi hulalamikia sherehe hizi.

Sababu iko kwenye viti. Mduara mpana unamruhusu kila mtu kuzungumza na wawili tu, wa kushoto na wa kulia, na akitaka kuzungumza na aliye mbele yake inabidi apaze sauti na wote wasikie. Kuhama nako ni tangazo, maana lazima ukatize katikati mbele ya macho ya wote. Gezelligheid inataka kinyume chake: vikundi vidogo vinavyovunjika na kuungana, na mtu aweze kuhama bila kuaga. Ndiyo maana sherehe hiyohiyo huanza kunoga watu wanapokwenda kusimama jikoni. Mwenyeji mwerevu huondoa viti vitano vya mduara, anaweka sahani mezani katikati badala ya kuzizungusha, na kuacha mlango wa jikoni wazi.

Linganisha na borrel, kinywaji cha jioni kuanzia saa kumi na moja hivi, ambapo mambo hayo hujipanga yenyewe. Kitu kinachokusanya watu pale ni sahani ya bitterballen, viduara vya mchuzi mzito wa nyama uliogandishwa, vikapakwa chenga za mkate na kukaangwa katika mafuta ya nyuzijoto 180 kwa dakika tatu au nne. Mkaangaji akivijaza vingi kwa mara moja mafuta yanapoa, ganda linachelewa kushika, na vinapasuka vikamwaga mchuzi. Vikitoka salama, nje ni vikavu na ndani ni moto wa kuunguza ulimi, hivyo mgeni asiyejua anakimeza kizima na kutoa machozi huku wengine wakicheka. Anayejua anang'ata kitobo, anaacha mvuke utoke, anakichovya kwenye haradali. Sahani ni moja, vipande ni sita au vinane, kila mtu ananyoosha mkono katikati. Huwezi kukaa mbali na kundi ukala.

Kwa upande wa Denmaki, kinachobeba mzigo mkubwa zaidi ni mwanga. Maelezo ya kawaida ni giza la majira ya baridi. Mwishoni mwa Desemba jua la Kopenhagi huchomoza kama saa mbili na dakika 38 asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika 40 alasiri, saa saba tu za mchana. Lakini Amsterdam nayo hupata saa saba na dakika 40 hivi, kwa hiyo giza peke yake halielezi tofauti. Tofauti ni namna ya kulijibu. Uholanzi ni kawaida kupita mtaani usiku na kuona sebule zimewaka taa, mapazia wazi, mimea dirishani, kana kwamba nyumba inasema karibuni mtazame. Sebule ya Kidenmaki huwa na mwanga mdogo ulioshushwa chini, vidimbwi vya mwanga hapa na pale, na giza likiachwa kwenye pembe.

Hili lina ufundi wake. Mbunifu Poul Henningsen alianza kutengeneza taa zake katika miaka ya 1920, na ile maarufu zaidi, PH 5 ya mwaka 1958, ina vifuniko vya ngazi vilivyopangwa ili popote ulipokaa usiuone mwali wa balbu yenyewe. Taa ya aina hiyo huning'inizwa chini sana, sentimita 60 hivi juu ya meza, hivyo nyuso na sahani zinapata mwanga na dari haipati. Anayetaka kuiga bila kununua taa ya bei hiyo azime taa ya katikati ya dari, aweke taa tatu ndogo chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na achague balbu za mwanga wa manjano, kelvini 2700 au chini yake. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mishumaa kumi huku taa ya dari imewaka: mwanga wa juu unaimeza mishumaa yote na chumba kinabaki kama duka la mishumaa.

Mishumaa nayo, ambayo Wadenmaki huiita levende lys, "mianga iliyo hai", ina masharti. Utambi mrefu au upepo wa dirisha hufanya mwali uchezecheze, nta isiungue yote, na masizi yatoke. Utaona moshi mwembamba mweusi juu ya mwali, na baada ya wiki chache doa la kijivu darini. Utambi ukatwe ubaki chini ya sentimita moja, mshumaa uwekwe mbali na upepo, na baada ya kuzima madirisha yafunguliwe dakika tano hadi kumi. Vile vidogo vya kwenye kikopo cha bati huwaka kwa muda wa saa nne hivi, na kwa vitendo hicho ndicho kipimo cha urefu wa jioni.

Tuchukue sasa mialiko miwili iliyofika kwenye simu na kuifanyia kazi neno kwa neno. Wa kwanza umetoka Utrecht, Uholanzi: "Kom je zaterdag gezellig borrelen?" Gezellig hapa haielezi mahali wala kinywaji. Inalainisha tu mwaliko, inasema hakuna ajenda, njoo tukae. Tafsiri inayosikika kama mtu ni: "Jumamosi karibu tupige soga kwa kinywaji." Lakini mwaliko huo una mipaka ambayo neno haliitaji. Borrel si chakula cha usiku. Kama hukuambiwa mtakula, ikifika saa moja au moja u nusu watu huanza kuaga, na aliyekuja na njaa atategemea jibini. Tena ukijibu "Gezellig!" umeonyesha furaha tu, hujathibitisha. Mholanzi anaishi kwa kalenda, kwa hiyo ongeza saa utakayofika.

Wa pili umetoka Aarhus: "Skal vi ikke bare hygge os hjemme hos mig lørdag?" Neno zito hapa ni bare, "tu". Mwenyeji anasema tusitoke, tusijipambe, tusifanye makuu. Kwa Kiswahili: "Jumamosi tusiende popote, tutulie tu kwangu." Hapa ndipo mgeni kutoka kwetu hukosea kwa nia njema, akaja na suti, zawadi kubwa na ndugu wawili wa ziada. Zawadi kubwa inamlazimu mwenyeji ajione ana deni, ndugu wa ziada wanavunja mazungumzo mamoja ya meza, na suti inawafanya wenye soksi wajisikie vibaya. Mwanaanthropolojia wa Kidenmaki Jeppe Trolle Linnet, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011, alionyesha kwamba hygge hukwepa majivuno na tofauti za hadhi na hujifungia ndani ya duara lake. Chukua chupa moja au pakiti ya peremende, fika kwa wakati, kwa kawaida saa kumi na mbili jioni, vua viatu mlangoni, na ujiandae kukaa mezani muda mrefu baada ya sahani kuondolewa.

Yote mawili yana upande wa kunyamazisha watu, lakini kwa njia tofauti. Uholanzi unaweza kubishana, hata kwa sauti, na bado iwe gezellig, mpaka mtu aseme "hou het gezellig". Hilo ni onyo la wazi: punguzeni. Denmaki onyo mara nyingi halitamkwi. Siasa kali au lawama ya kweli ikiingia mezani, mtu huhamishia mazungumzo kwenye chakula, na aliyeileta anajikuta ndiye aliyeharibu jioni. Wadenmaki wenyewe wana neno hyggeracisme, kwa mizaha ya ubaguzi inayotolewa kwa sauti ya urafiki ili anayeumizwa aonekane hana ucheshi. Kwa Wakongo na Warundi waliopata makazi kule si neno la kitabuni. Kulijua kunakuwezesha kulitaja kwa jina lake badala ya kutafuta maelezo marefu.

Kwa anayeyaandika au kuyatamka, sarufi ni fupi. Kiholanzi: een gezellige avond, lakini een gezellig huis, kwa kuwa huis, yaani nyumba, ni jina la kundi linalotanguliwa na het, na baada ya een kivumishi chake hakichukui -e. Kidenmaki: en hyggelig aften, et hyggeligt hus, na kila inapoanza na det var, ni hyggeligt. Katika gezellig, g zote mbili hutamkwa kooni kama kh ya "kheri" kwa wanaoitamka Kiarabu, mkazo uko kwenye zel, na -ig ya mwisho husikika karibu na "ekh". Huko Brabanti, kusini mwa Uholanzi, na Ubelgiji g ni laini zaidi. Katika hygge, sema "hi" huku umeviringa midomo kama wa "u", kisha malizia kwa silabi fupi iliyo kati ya "ge" na "ke".

Katika kutafsiri, kwa gezellig jaribu kwanza kunoga, kisha uchangamfu, mcheshi kwa mtu, na kupiga soga kwa kitendo. Ongezellig ni kupooza, kudorora au ukavu. Kwa hygge jaribu kutulia, kujituliza, kuliwazana. Uhyggelig ni -a kutisha, bila kupunguza. "Starehe" ibaki kwa kiti. Na pale neno lenyewe linapokuwa ndiyo mada, liache kama lilivyo, ulieleze mara moja, usonge mbele. Wasemaji wa Kiafrikana wanaandika gesellig, na Wanorwe, waliowapa Wadenmaki hygge, siku hizi husema hyggelig å møte deg kwa maana ya "nimefurahi kukufahamu" tu, huku joto la mishumaa wakilipa neno jingine kabisa, koselig.

Wakati wa kuaga, Utrecht unasema "het was gezellig" ukiwa bado unatafuta koti, na imekwisha. Aarhus unashukuru mlangoni kwa tak for i aften, asante kwa jioni hii, halafu deni linabaki. Ukikutana na mwenyeji wako wiki ijayo kwenye foleni ya duka, neno la kwanza baada ya salamu ni tak for sidst, asante kwa ile ya juzi.